Duka Lililoandikwa Daftarini kwa Miaka Mitatu

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwajiriwa mwenye umri wa miaka 34. Kwa miaka mitatu mfululizo nimekuwa nikiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu: "Mwaka huu nifungue duka la vifaa vya ushonaji." Chini yake huwa naweka orodha ileile: fremu, leseni, mtaji, bidhaa, matangazo. Akiba ninayo, ingawa sijui kama inatosha. Muda nilionao ni Jumamosi kuanzia mchana na jioni mbili katikati ya wiki. Kila ninapokaa ili nianze, najikuta nachagua jina la duka au natazama picha za rafu, na jioni inakwisha. Rafiki zangu wananiambia nigawanye lengo katika hatua ndogo, lakini hakuna anayenionyesha hatua hizo zinakatwaje na ipi itangulie. Naomba unisaidie: Jumamosi hii nifanye nini hasa, na nitajuaje kwamba wiki imezaa kitu?

Msomaji wa Daftari Lilelile

Ndugu yangu,

Orodha yako haina kosa, ila hayo maneno matano ni majina ya vitu, na jina la kitu halifanyiki. Hakuna mtu anayeweza "kufanya leseni" Jumamosi mchana. Anachoweza ni kwenda kwenye ofisi inayohusika na kuuliza ni karatasi gani zinatakiwa, kisha kurudi na majibu yameandikwa. Mimi hutumia kipimo kimoja tu ili kujua kama nilichokiandika ni hatua au ni kichwa cha habari. Chukulia kwamba umemkabidhi mdogo wako karatasi yenye mstari huo mmoja, bila maelezo mengine, halafu umwambie akatekeleze. Ukimpa "tafuta fremu", atasimama mlangoni akuulize wapi, ya ukubwa gani, na arudi na nini. Ukimpa "Jumamosi saa nane mchana tembea barabara ya mafundi kutoka mwanzo hadi mwisho, uandike namba za simu zilizobandikwa kwenye fremu tatu zinazopangishwa", ataondoka bila swali na atarudi na karatasi yenye namba tatu. Mstari unaomwezesha mtu mwingine kuondoka na kurudi na kitu mkononi ndio hatua ya wiki.

Saa na mahali katika mstari ule sikuviweka kwa mapambo. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha katika makala yake ya mwaka 1999 kwamba watu wanaopanga mapema watatenda lini, wapi na kwa namna gani hutekeleza zaidi kuliko wanaoishia kusema wamekusudia. Sababu yake haina miujiza: uamuzi unakuwa umeshafanywa kabla uchovu wa Jumamosi haujafika, kwa hiyo saa nane ikigonga huna cha kujadiliana na nafsi yako.

Kabla ya kukata chochote, hata hivyo, inabidi ujue unakata nini. "Duka" ni neno pana mno. Linaweza kuwa fremu yako mwenyewe, linaweza kuwa rafu moja uliyokodi ndani ya duka la mtu mwingine, na linaweza hata kuwa begi unalozunguka nalo kwa mafundi kila Jumamosi. Njia hizi tatu zinatofautiana kwa gharama, kwa karatasi na kwa muda, na orodha ya hatua za mmoja haimfai mwingine. Kwa hiyo jioni ya kwanza iandikie sentensi moja tu, na uiandike kwa penseli kwa sababu itabadilika. Inaweza kusomeka hivi: "Ndani ya wiki 16 nitafungua fremu moja yenye aina zisizozidi 60 za vifaa vya ushonaji, nikiwauzia hasa mafundi wanaoweza kunifikia kwa miguu, na siku ya kufungua nitabaki na fedha ya kodi ya miezi mitatu ambayo haijaguswa." Kipande cha mwisho ndicho ninachokitetea kuliko vyote. Duka jipya aghalabu halijilipi katika miezi ya mwanzo, na mtu aliyemaliza akiba yote kwa kujaza rafu anajikuta anatoa kodi kutoka kwenye fedha ya kununulia bidhaa, rafu zinapungua, wateja wanakuta pengo, na mauzo yanashuka zaidi.

Sasa tuje kwenye swali la ipi itangulie, ambalo ndilo linalokukwamisha kweli. Wengi hupanga hatua kwa mfuatano wa kawaida wa macho: fremu kwanza kwa sababu ndiyo inayoonekana, kisha rafu, kisha bidhaa, kisha wateja. Nami niliwahi kupanga hivyo. Nililipa kodi ya miezi kadhaa ya chumba cha duka kwa sababu nilikiona kizuri na niliogopa kisichukuliwe, halafu nikaanza kumtafuta fundi wa kutengeneza rafu. Fundi aliahidi wiki mbili, zikawa sita. Nilikuwa nikipita pale kila jioni, natazama chumba kitupu chenye ndoo ya rangi katikati, nikijua kwamba kila jua linapozama nimelipia siku nyingine ya kuuza hewa. Rafu zilipofika ndipo nilipogundua jambo baya zaidi, kwamba watu waliokuwa wakipita mlangoni pale walikuwa wanakimbilia usafiri na hawakuwa na nia ya kusimama.

Mfuatano unaofaa huanza na swali moja: ni jibu gani ambalo likiwa "hapana" litaangusha mpango mzima, na linaweza kupatikana bila kutoa fedha nyingi? Hilo ndilo linalotangulia. Kwa duka la vifaa vya ushonaji swali hilo halihusu leseni wala rangi ya ukuta. Ni kama mafundi walio karibu wananunua mara nyingi kiasi cha kulipa gharama za duka. Kwa hiyo wiki nne za kwanza ziwe wiki za kuuliza, na gharama yake kubwa iwe soli za viatu vyako.

Wiki ya kwanza, watembelee mafundi cherehani sita. Usiwaulize kama watanunua kwako ukifungua duka, maana watu wengi ni waungwana na watakujibu "ndiyo, lete tu", na ndiyo hiyo haina uzito wowote. Uliza mambo yaliyokwisha kutokea: mara ya mwisho uliishiwa na kitu gani, ulikifuata wapi, ulimtuma nani, ulichukua kiasi gani, na wiki hii umeshakwenda mara ngapi? Na usiishie kusikiliza, tazama pia. Chungulia kopo la vifungo na droo ya cherehani. Utamwona fundi ambaye reli yake ya uzi mweusi imebaki na mizunguko michache juu ya bomba la karatasi, naye anaanza kushona pindo la suruali huku akimtuma kijana wake mbio akalete nyingine, na cherehani ikisimama wote wawili wanasubiri. Hapo umejifunza mambo mawili ambayo asingekuambia kwa maneno. La kwanza ni kwamba ananunua kidogokidogo kila anapoishiwa, hajazi akiba. La pili ni kwamba kinachomuumiza ni muda wa kwenda na kurudi kuliko bei. Andika majibu palepale au mara unapotoka mlangoni, kwa sababu ukifika nyumbani utaandika ulichotamani kusikia.

Wiki ya pili, rudia kwa mafundi wengine sita, ili uwe na kumi na wawili. Inaonekana kama marudio yasiyo na maana, lakini katika sita wa kwanza mara nyingi mmoja au wawili huwa na mazoea ya pekee, kama yule anayeshona sare tu na kununua zipu kwa katoni, na ukiwa na wachache hivyo mtu mmoja anapotosha picha nzima.

Wiki ya tatu ina kazi mbili fupi. Jumamosi, nenda kwa muuzaji wa jumla na uandike bei za kununulia za vitu kumi ambavyo mafundi walivitaja mara nyingi zaidi, pamoja na kiasi cha chini anachokubali kuuza. Na kwa kuwa ofisi hazifunguliwi jioni, omba ruhusa ya saa moja kazini katikati ya wiki, ukaulize nini kinatakiwa ili upate leseni. Nimeiweka leseni mapema hivi kwa sababu ni kazi ya kusubiri, na kazi za kusubiri zina tabia tofauti na kazi za mikono yako. Za mikono yako zinachukua saa unazozipa. Za kusubiri zinachukua siku ambazo mtu mwingine anaamua, iwe ni karani, mwenye nyumba au fundi wa mbao, na hakuna bidii yako inayoweza kuzifupisha isipokuwa kuzianza mapema. Uliza pia karatasi ipi inatangulia nyingine, kwa sababu huenda leseni ikadai mkataba wa pango, nawe hutaki kusaini pango kabla ya kujua kama leseni itatoka. Ukiligundua fundo hilo wiki ya tatu, unaweza kumwomba mwenye fremu aandike mkataba ambao kodi yake inaanza kuhesabiwa tarehe ya mbele. Ukiligundua wiki ya kumi na mbili, unalipia.

Wiki ya nne unakaa mezani na kupiga hesabu, na hapa naomba tutembee polepole. Sitataja fedha ya mahali popote, nitatumia namba tupu, nawe utaweka zako. Tuseme kwamba kodi, umeme, usafiri wa bidhaa, ujira wa msaidizi na sehemu ya leseni kwa mwezi vinafika 300. Hiyo ni gharama inayokuja uuze usiuze. Bidhaa unayoinunua kwa 80 unaiuza kwa 100. Faida ni 20, na kosa ambalo nimeliona kwenye madaftari mengi ni kuigawa 20 hiyo kwa 80, kupata asilimia 25, na kuendelea na hesabu nzima kwa asilimia hiyo. Lakini unapotafuta mauzo unayohitaji, faida lazima ipimwe dhidi ya bei ya kuuzia, nayo ni 20 katika 100, yaani asilimia 20. Tofauti inaonekana ndogo hadi uitumie: 300 ukiigawa kwa asilimia 25 unapata mauzo ya 1,200 kwa mwezi, ilhali jibu sahihi kwa asilimia 20 ni 1,500. Anayelenga 1,200 na akaifikia kwa furaha anabaki na faida ya 240, na kila mwezi anapungukiwa 60 bila kuelewa inavuja wapi.

Kwa hiyo unahitaji mauzo ya 1,500. Ukifungua siku 26 kwa mwezi, ni kama 58 kwa siku. Rudi kwenye maelezo ya mafundi: tuseme kwa wastani fundi anapokwenda dukani anatumia 4. Basi unahitaji manunuzi 15 kila siku, na hiyo ni kwa ajili ya kutopata hasara tu, wewe mwenyewe hujajilipa kitu. Mafundi wako kumi na wawili, kila mmoja akienda dukani mara mbili kwa wiki, wanaleta manunuzi 24 kwa wiki, yaani manne kwa siku, ukifungua siku sita. Unahitaji 15 na unayo manne, tena kwa kudhani kwamba wote kumi na wawili wamewaacha wauzaji wao wa zamani.

Najua namba hizo zinavunja moyo, na ndiyo maana watu hawapendi kuzipiga. Lakini tazama zilivyokugharimu: Jumamosi tatu, jioni chache na kalamu. Fremu ingekufundisha somo hilohilo kwa akiba yako yote. Tena jibu la "hapana" hapa halifungi mlango, linakuambia ni namba gani kati ya hizo inayopaswa kuguswa. Kupandisha bei ni vigumu, kwa sababu fundi anaijua bei ya uzi kama anavyoijua kazi yake. Kuongeza idadi ya mafundi kunawezekana lakini ni kwa taratibu. Kinachoguswa kwa urahisi ni ile 300. Ukikodi rafu ndani ya duka la mtu mwingine, bila msaidizi na bila kodi ya chumba kizima, na gharama ikashuka hadi 120, mauzo yanayohitajika yanakuwa 600 kwa mwezi, kama 23 kwa siku, ambayo ni manunuzi sita. Manunuzi sita kwa siku ni mafundi 18 wanaokuja mara mbili kwa wiki. Kutoka kumi na wawili unaowajua hadi kumi na wanane ni kazi ya Jumamosi moja. Futa sentensi yako ya penseli, andika nyingine: badala ya fremu, rafu.

Wiki ya tano hadi ya saba ni za jaribio kwa begi. Nunua aina sita tu: uzi mweusi, uzi mweupe, sindano za cherehani, zipu za urefu unaotajwa zaidi, lastiki na vifungo vyeupe vya shati. Weka ukomo wa fedha ambayo hata ikipotea yote hutalala njaa, na uandike ukomo huo kabla hujaingia kwa muuzaji wa jumla. Kila Jumamosi zungukia mafundi walewale, na jioni moja ya wiki uwapitie tena. Kipimo cha jaribio ni idadi ya watakaonunua mara ya pili, maana mara ya kwanza mtu hununua ili kukuunga mkono, na ya pili hununua kwa sababu uzi umekwisha. Ikiwa mwishoni mwa wiki ya saba angalau nusu yao wamenunua zaidi ya mara moja, una biashara inayoweza kukodi rafu. Wakiwa wawili au watatu tu, rudi uwaulize wengine wanachukua wapi na kwa nini, na usiguse wiki ya nane kabla hujapata jibu.

Utaona kwamba sikuandikii wiki zote 16 kwa undani, na si kwa uvivu. Hatua za wiki ya 12 zinategemea utakayoyajua wiki ya saba. Panga wiki nne zilizo mbele yako kwa saa na mahali, na zilizobaki ziandikie mstari mmoja mmoja: kuzungumza na wenye maduka watatu kuhusu rafu, kukubaliana kwa maandishi, kupeleka maombi ya leseni, kuagiza bidhaa za kwanza, kupanga na kuandika bei, kufungua. Kila wiki nne zinapokwisha, nne zinazofuata zinapata mwili.

Katika kuagiza bidhaa za kwanza nina neno moja. Usitumie zaidi ya nusu ya fedha uliyotenga kwa bidhaa. Nusu nyingine ni ya kujaza kile kitakachokwisha, kwa sababu hata baada ya maswali yote haya utakosea mahali fulani: uzi mweusi utaisha siku ya tatu, na vifungo vya zambarau vitakutazama mwaka mzima.

Kuhusu muda, kwa kuwa una Jumamosi mchana na jioni mbili, nadhani kwa karatasi una saa saba hivi. Zipange tano. Na ukikadiria kwamba kazi yote itachukua wiki 10, andika 16. Mwaka 1994 watafiti Buehler, Griffin na Ross walichapisha utafiti ambamo wanafunzi waliulizwa watamaliza lini tasnifu zao: kwa wastani walikadiria siku 34, na iliwachukua kama siku 55. Hao walikuwa wanakadiria kazi yao wenyewe, iliyo mikononi mwao, bila karani wala fundi wa rafu katikati. Ndipo ilipotoka ile 16 niliyoiweka kwenye sentensi ya mwanzo.

Uliuliza utajuaje kwamba wiki imezaa kitu. Jumapili jioni, kaa dakika ishirini na ukurasa mmoja. Andika hatua ya wiki ilivyokuwa, kisha "ndiyo" au "hapana", bila neno "karibu". Mstari unaofuata andika kitu ulicho nacho leo ambacho Jumapili iliyopita hukuwa nacho: namba tatu za simu, bei kumi, saini, jibu la ofisi. Ukishindwa kukitaja, basi wiki haikuzaa, hata kama ulichoka. Kuchagua jina la duka, kuchora nembo na kutazama picha za rafu ni kazi zinazochosha na kufurahisha kwa pamoja, lakini hazijibu swali lolote linaloweza kuangusha mpango, na ninashuku ndiyo sababu zinavutia. Ziache hadi wiki ya 14.

Hatua ikipata "hapana" mara moja, ihamishie wiki inayofuata kama ilivyo, kwani watu huugua na mvua hunyesha. Ikipata "hapana" mara ya pili, ni marufuku kuinakili. Hapo kuna kasoro katika hatua yenyewe, na kwa kawaida ni moja kati ya tatu: ni kubwa kuliko saa ulizonazo, inasubiri kitu ambacho hukukiona, au unaiogopa. Nimewahi kukaa wiki tatu na mstari uliosema "mpigie simu mwenye fremu". Simu ya dakika tano! Sikuwa na shughuli nyingi, nilikuwa sijui nitamwambia nini akishapokea. Nilipoandika maswali manne kwenye karatasi, yaani kodi inalipwa kwa miezi mingapi, nani analipa matengenezo, mita ya umeme ni ya nani, na mpangaji aliyepita aliondoka kwa nini, nilimpigia jioni ileile. Hatua iliyokosekana ilikuwa ya kuandika maswali, nayo ilitangulia simu. Kwa hiyo unapokwama, usijisukume, tafuta mstari uliokosekana juu ya mstari uliokwama. (Hilo la mpangaji aliyepita liulize pia kwa jirani wa fremu. Majibu huwa mawili.)

Jumamosi hii, basi, chakula cha mchana kikiisha, chukua daftari dogo linaloingia mfukoni, si lile lenye ukurasa wa miaka mitatu. Juu ya kurasa sita andika namba moja hadi sita, na chini ya kila namba andika yale maswali ya wiki ya kwanza: uliishiwa nini, wapi, nani alitumwa, kiasi gani, mara ngapi wiki hii. Saa nane uwe kwa fundi wa kwanza. Anza na unayemfahamu, yule anayekupunguzia suruali, na kabla hujaondoka kwake mwombe akutajie jina la fundi wa pili.